Lawama Namba Nne

Sikumpenda Idarus Badawi, na naandika habari zake nikiwa bado simpendi. Nalisema hilo mapema ili msomaji asije akadhani huko mbele tutapatana na kulia pamoja. Yeye hapendi hata kivuli changu. Mimi nami, nikisikia makubadhi yake kwenye ngazi, nilikuwa nakunja uso kabla hajafika juu. Lakini tuliketi meza moja kwa muda mrefu, tukifanya kazi ambayo humlazimu mtu kumchunguza mwenzake, na mwishowe nikamjua Idarus kuliko ninavyowajua watu ninaowapenda.

Kazi yenyewe ilikuwa ya Bi Ruwaida. Bi Ruwaida ni mtoto wa Langoni, mtaa wa hapa Lamu, mwanafunzi wa uzamivu, mwembamba, mkali, na mwenye ratiba. Alikuwa akitafiti jinsi magazeti yalivyoandika juu ya ukosefu wa kazi Lamu na pwani kwa muda wa miaka kumi. Alikuwa amekusanya makala zaidi ya mia tatu kutoka magazeti mawili na kuzirundika katika chumba cha juu cha nyumba ya marehemu nyanya yake, chumba chenye dirisha dogo na joto kubwa. Kuzisoma peke yake na kutoa hukumu hakungetosha, kwa sababu hukumu ya mtu mmoja ni maoni yake tu. Alihitaji watu wawili wasome makala zile zile, kila mmoja peke yake, na kila mmoja aipe makala namba kwa kila swali. Wakitoa namba sawa, basi kilichoonekana kimo katika gazeti. Wakitofautiana, basi huenda kimo vichwani mwao.

"Nataka macho mawili yasiyofanana," alituambia siku ya kwanza. "Mmoja wa hapa, mmoja wa bara."

Aliyapata. Mimi ni Jerioth. Nilikuja Lamu nikimfuata dada yangu muuguzi, nikiwa na shahada ya sosholojia na bila kazi. Idarus naye alikuwa na shahada kama yangu na hana kazi kama mimi. Tulikuwa watu wawili wasio na ajira tuliopewa kibarua cha kusoma habari za watu wasio na ajira, na hata hilo halikutufanya tucheke pamoja.

Alikuwa na umri wa kama miaka thelathini na mitano. Kanzu yake haikuwa na doa, kalamu yake hakumwazima mtu, na chai yake alijimiminia mwenyewe tu hata kama birika lilikuwa upande wake na kikombe changu kitupu. Alikuwa na tabia ya kusubiri nimalize sentensi, akanyamaza kidogo, kisha akamjibu Bi Ruwaida kana kwamba yeye ndiye aliyesema. Kwake yeye kila kibaya kilitoka bara: vumbi, polisi, sukari ghali, na magazeti. Hasa magazeti.

Siku ile ya kwanza, kabla hata hajaketi, alitusimulia kwa nini.

Baba yake alikuwa fundi wa kuchonga milango, akafa mapema akaacha vyombo vya kazi na madeni ya mbao. Idarus hakuirithi mikono ya baba yake. Alipomaliza shule alikuwa akienda kila alfajiri kwenye baraza moja karibu na gati, pamoja na vijana wenzake. Hapo wenyeji wote wa mji wanajua kuna nini. Manahodha wa boti za hoteli za Ras Kitau wakitaka mtu wa kubeba mizigo ya wageni, kusugua boti au kupaka rangi, huja kwenye baraza lile na kunyoosha kidole. Anayetaka kazi hukaa pale. Asiyekaa pale haitwi. Mgeni akipita atawaona vijana wamekaa tu.

"Nilikuwa nimeposa," alisema Idarus kwa Kiamu chake, ambamo kuja ni kuya na nchi ni nti. "Fairuz, binti wa Bwana Harith. Mahari yashazungumzwa. Akaya mwandishi wa gazeti na kamera. Wakanipiga picha nimeketi, na yuu yake wakaandika kwa herufi kubwa: Vijana Wavivu wa Lamu. Nti nzima ikasoma. Bwana Harith akaniita akaniambia, lisemwalo lipo, mimi simpi mwanangu mvivu alotangazwa gazetini. Basi. Ndio yaliyonipata."

Fairuz aliolewa Mombasa. Idarus akaenda kusoma chuo, akiwa mkubwa kuliko wenzake wote darasani, na akarudi na cheti ambacho hakikumpa chochote ila hasira iliyopangwa vizuri zaidi. Mtaani jina la mvivu lilimganda. Hata watoto walikuwa wakilijua.

Bi Ruwaida alimuuliza makala ile ilitoka lini, naye akataja mwaka. Akaitafuta kwa kichwa kile cha habari katika rundo lake lote na katika orodha za maktaba. Hakuiona.

"Wameificha," alisema Idarus, akinitazama mimi, kana kwamba nilikuwa nimeikalia.

Kulikuwa na jambo moja lililonishangaza kwake, na niseme wazi kwamba lilinichukiza. Nyumba ya Bwana Harith iko katika ndia ile ile ya kwenda kwa Bi Ruwaida, kama wanavyosema wao. Bwana Harith ana maduka na nyumba za kupangisha, na kila siku huwa amekaa barazani kwake na marafiki zake wawili watatu. Kila siku Idarus alikuwa akipita hapo, anasimama, anaweka mkono kifuani na kusema, "Assalamu alaikum, ami Harith." Mzee alimjibu kwa nusu mdomo, mara nyingine bila kuinua macho. Mtu aliyemnyima mke! Mimi ningepitia uchochoro mwingine au ningemtemea mate, na nikamwambia hivyo.

"Hamna adabu nyinyi, ndiyo maana," alinijibu. "Ami Harith hana makosa. Alisoma urongo akauamini. Mwenye makosa ni alouandika. Siku kitabu cha utafiti huu kitakapotoka nitampelekea mwenyewe, asome kwamba ni kawaida yao kutuita wavivu, si mimi peke yangu. Atayua."

Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini aliikubali kazi ya kukaa na mimi. Hakuwa akitafuta ujira. Alikuwa akitafuta kusafishwa jina mbele ya mzee mmoja.

Mwongozo wa Bi Ruwaida ulikuwa na maswali saba. Makala imetoka ukurasa gani, nani amenukuliwa, suluhisho gani limetajwa, na kadhalika. Idarus hakujali hata moja ila la nne: Nani analaumiwa kwa ukosefu wa kazi? Jibu lilikuwa namba. Sifuri kama halaumiwi mtu. Moja, serikali. Mbili, waajiri na soko. Tatu, hali ya usalama. Nne, wasio na kazi wenyewe. Lawama zikiwa zaidi ya moja, unachukua ile iliyopewa nafasi kubwa zaidi.

Msimamizi wa Bi Ruwaida chuoni alikuwa ametoa sharti. Kila swali lipimwe makubaliano ya wasomaji wawili kwa kipimo kiitwacho kapa, na lifike sifuri nukta nane. Swali litakaloshindwa majaribio mawili lifutwe. Basi Idarus alihitaji swali la nne libaki, na ili libaki alihitaji kukubaliana na mimi. Mungu ana mzaha wake.

Jaribio la kwanza lilikuwa na makala arobaini, zilizochaguliwa na kompyuta bila kupendelea. Tulisoma vyumba tofauti. Bi Ruwaida akachukua karatasi zetu, akaingiza namba, na uso wake ukabadilika.

Katika maswali mengine sita hatukuwa wabaya. Katika swali la nne tulikuwa tumelingana makala ishirini na nne kati ya arobaini.

"Asilimia sitini," alisema Idarus. "Zaidi ya nusu."

"Zaidi ya nusu si kitu, Bwana Idarus," alisema Bi Ruwaida. "Mkifumba macho nyote wawili na kuandika namba ovyo, kuna mahali mtakutana kwa bahati. Kapa huondoa hiyo bahati kwanza, kisha huhesabu mliyobaki nayo. Nyinyi mmebaki na sifuri nukta tatu nane."

Kisha alichora jedwali ubaoni, namba zangu upande mmoja na za Idarus upande mwingine, ili tuone tunagongana wapi. Hatukuwa tukigongana kila mahali. Kati ya makala kumi na sita tulizotofautiana, kumi na moja zilikuwa katika kisanduku kimoja: mimi nimeandika nne, Idarus ameandika mbili.

"Sishangai," alisema Idarus. "Kwake yeye sote wavivu."

"Na kwako hakuna aliyewahi kusema lolote baya," nilimjibu. "Labda husomi. Labda unatazama tu karatasi na kufikiria mambo yako."

Bi Ruwaida hakututuliza. Alichukua makala moja kati ya zile kumi na moja akaisoma kwa sauti. Sentensi yenyewe ilikuwa hii: Saa nne asubuhi, vijana wapatao kumi walikuwa wameketi barazani wakizungumza.

"Bi Jerioth, umetoa nne. Kwa nini?"

"Saa nne asubuhi wameketi wanapiga soga. Mwandishi anataka tuone nini kingine?"

"Neno uvivu liko wapi?"

Nilitafuta. Halikuwepo, wala lolote la jamii yake.

"Gazeti halikusema," Idarus aliingilia, na nilimwona akifurahi. "Wewe ndiwe uliyesema. Hilo baraza ni la kungoja kazi, kila mtu ayua."

"Kila mtu wa Lamu," alisema Bi Ruwaida. "Makala haisemi hivyo. Na wewe umeongeza la kwako. Umetoa mbili, waajiri wanalaumiwa. Amelaumiwa mwajiri gani hapa? Hii ni sifuri. Mmekosea nyote."

Nilifurahi kidogo kwamba alikosea na yeye. Kisha alichukua makala ya pili, na furaha ikanitoka, kwa maana sasa mambo yalikuwa mazito. Ndani yake afisa mmoja alinukuliwa akisema vijana wa visiwani wanapenda starehe kuliko kazi. Mimi nilikuwa nimetoa nne. Idarus alikuwa ametoa mbili.

"Hii je?" aliuliza Bi Ruwaida.

"Afisa huyo ni mrongo," alisema Idarus. "Kazi hakuna. Makosa ni ya wenye hoteli kuleta watu wao."

"Huenda. Lakini hatupimi kama maneno ni ya kweli, Bwana Idarus. Twapima maneno. Amesema kosa ni la vijana. Hiyo ni nne."

"Siwezi kuandika kwa mkono wangu kwamba wana wa mui wangu ni wavivu."

"Huandiki kwamba ni wavivu. Unaandika kwamba wameitwa wavivu." Akaigonga makala kwa kidole. "Unataka kitabu kionyeshe matusi, sivyo? Basi wewe ndiye unayeyaficha. Kila tusi lililomo humu umelibatiza jina lingine kwa sababu unajua ni uongo. Ukiendelea hivi, kitabu kitasema magazeti hayakuwahi kuwatukana watu wa Lamu."

Idarus aliivuta makala ile akaisoma upya. Ilikuwa mara ya kwanza nimwone akisoma kitu mara mbili, na ningeifurahia zaidi kama nami nisingekuwa nimeaibishwa dakika chache kabla.

Tukaandika upya kanuni ya namba nne. Ilituchukua siku kadhaa za kugombana kwa kila neno. Ilisema: toa nne pale tu ambapo mwandishi, au mtu aliyenukuliwa, amesema kwa maneno kwamba kukosa kazi kunatokana na tabia au hiari ya wasio na kazi. Kuketi peke yake si lawama. Usiongeze unachokijua juu ya mahali, wala unachokidhani juu ya watu. Ukitoa nne, andika pembeni ni nani aliyesema. Picha zisihesabiwe, kwa sababu nakala za maktaba zilikuwa mbaya na nyuso zote zimekuwa doa jeusi. Chini ya kanuni Bi Ruwaida aliweka mifano, ya kutoa nne na ya kutotoa, na tukafanya mazoezi kwa makala zilizokwisha kujadiliwa.

Kwa jaribio la pili zilihitajika makala arobaini nyingine kabisa. Zile za kwanza tulikuwa tumeshazizungumza, na kukubaliana juu ya kitu mlichokwisha kukizungumza si ushahidi wa chochote.

Kabla ya jaribio hilo Idarus aliningoja chini ya ngazi. Alikuwa hajawahi kuningoja popote.

"Bi Jerioth, nisikize. Makala mapya yakishachaguliwa, tuketi sote kwanza. Tuafikiane, moja moja. Kisha kila mtu akaandike kwake. Bi Ruwaida atapata namba yake, na swali litasalia."

"Hayo si makubaliano, Bwana Idarus. Ni njama."

"Tukishindwa swali lafutwa. Wewe huna unachopoteza. Utapanda ndege urudi kwenu."

"Sina ndege. Na hata ningekuwa nayo, nisingedanganya kwa ajili yako."

Alinitazama kama mtu aliyekanyaga kitu. "Kwa ajili ya haki wewe ungefanya nini? Hamuyui hata ni kitu gani." Akapanda ngazi akaniacha hapo. Nilikuwa na haki ya kukataa, na nilikataa kwa sababu iliyo sawa, lakini sitadai kwamba kumkatalia hakukuwa kutamu.

Siku ya jaribio alisomea chumba cha juu, mimi nikasomea ukumbini, na Bi Ruwaida alikaa katikati ya ngazi kama askari wa zamu. Nilisoma kwa uangalifu ambao sikuwahi kuwa nao hata siku za mitihani. Kila nilipoona vijana wameketi mkono wangu ulikimbilia nne, na kila mara nilirudi nyuma nikatafuta maneno. Mara nyingine yalikuwepo. Mara nyingi hayakuwepo, na niliona uchungu kugundua mara ngapi ningeyaweka mimi.

Tulipomaliza, Bi Ruwaida alihesabu huku tumesimama nyuma yake, kila mmoja upande wake. Swali la nne: makala thelathini na sita kati ya arobaini zimelingana. Kapa sifuri nukta nane tano.

"Limebaki," alisema Bi Ruwaida, na akavuta pumzi kama aliyetua mzigo. "Alhamdulillahi. Swali limebaki."

Nilimgeukia Idarus. Nilitegemea atasema ni kwa jitihada zake. Hakuwa akisikiliza. Alikuwa ameshika makala moja, ya kumi na tisa, ameiinamia.

"Hiyo hatukutofautiana," nilimwambia. "Nimetoa tatu."

"Nami nimetoa tatu," alisema.

Niliikumbuka. Kichwa chake kilikuwa Watalii Waadimika, Kazi za Boti Zapungua Lamu. Ilieleza jinsi hali ya usalama ilivyowafukuza wageni, hoteli zikafunga vyumba, na vijana waliokuwa wakibeba mizigo ya wageni wakakosa cha kubeba. Meneja mmoja alinukuliwa akisema boti zake hazijatoka wiki nzima. Ilikuwa makala nyepesi, haina utata, tatu isiyohitaji mjadala.

"Hii ni yangu," alisema Idarus.

Bi Ruwaida aliichukua. Mwaka ulikuwa ule aliotaja. Picha ilikuwa doa jeusi lenye miguu, na chini yake maneno yaliyosomeka vizuri: Vijana wakingoja kazi asubuhi, Lamu. Akasoma katikati ya makala kwa sauti ya chini. "Tumeketi hapa tangu alfajiri, tunangoja kuitwa. Si kwamba hatutaki kazi. Alisema mmoja wao."

"Maneno hayo ni yangu," alisema Idarus. "Mwandishi aliniuliza, nikamwambia hivyo. Ameyaandika."

Dirishani sauti ya punda ilipita na kumalizika.

"Bwana Idarus," Bi Ruwaida aliuliza polepole, "hii makala uliisoma mwenyewe wakati ule?"

"Gazeti halikufika zaidi ya nakala mbili tatu. Ami Harith alikuwa nayo. Alikuwa ameikunja, akanionyesha picha. Akaniambia yuu yake pameandikwa nini."

"Na hukuitazama?"

"Niliona haya. Ungetazama, wewe?"

Nilitaka sana kunyamaza, lakini ulimi wangu haujawahi kunisikiliza. "Basi gazeti halikusema," nilisema. Yalikuwa maneno yake mwenyewe, aliyonipiga nayo siku ya ubaoni, na sijui kama niliyarudisha kwa ubaya au kwa sababu sikuwa na mengine.

"Nyamaa, Bi Jerioth."

Idarus aliisoma tena tangu mwanzo, kidole kikifuata mstari, kama tulivyofundishwa: mwandishi, kisha waliotajwa, kisha walionukuliwa. Alikuwa anatafuta namba nne. Alirudia tena. Sijawahi kumwona mtu akitafuta tusi lake kwa bidii namna ile na asilipate.

"Baraza lile la gati ami Harith alikuwa akilipita kila siku," alisema hatimaye, akimwambia Bi Ruwaida, au ukuta. "Alfajiri, akitoka msikitini. Aliniona pale kila siku na akanijibu salamu. Aliyua kwamba ni la kungojea kazi. Hakuhitaji gazeti kumwambia."

Bi Ruwaida alisema labda mzee alichanganya na makala nyingine, labda alisomewa na mtu vibaya. Alisema hivyo kwa kuwa ni mtoto wa Langoni na Bwana Harith ni jirani. Idarus alimwacha amalize. Kisha akairudisha makala mahali pake katika rundo, baina ya ile ya kumi na nane na ile ya ishirini, sawasawa na pembe za nyingine. Akachukua kalamu yake.

"Tatu ni tatu," alisema. "Iingizeni."

Tuliondoka pamoja siku hiyo, si kwa kupenda, bali kwa kuwa mlango ni mmoja. Yeye alitangulia, mimi nikabaki nyuma kiasi cha kutolazimika kuzungumza. Ilikuwa baada ya sala ya alasiri, na Bwana Harith alikuwa barazani kwake na marafiki zake, kahawa imeshafika. Nilijua atasimama. Nilishajipanga kuudhika.

Hakusimama. Alipita mbele ya baraza lile kwa mwendo wake wa kawaida, macho mbele, mikono chini, na hakusema neno. Lamu mtu hapiti mbele ya baraza lililo na wazee bila kutoa salamu, labda awe na wazimu au awe ametoka bara. Vikombe vilisimama hewani. Mmoja wa wazee aliita jina lake. Idarus alikuwa amefika kwenye kona.

Bwana Harith alimfuata kwa macho, kisha akageukia wenzake na kucheka kwa pua.

"Mvivu," alisema. "Mwana wa Badawi, uvivu umemmaliza. Ndiyo maana hapati kazi. Leo hata salamu imemshinda."

Idarus alisikia, kwa maana mabega yake yalitulia kidogo. Hakugeuka. Akaikata kona akapotea.

Mimi nilisimama pale katikati ya ndia yao nyembamba, na wazee wakanitazama wakingoja niwapishe au niwaamkie. Sikuwaamkia. Nilikuwa nafanya kazi. Maneno yalikuwepo, yamesemwa wazi, na kukosa kazi kumewekwa shingoni mwa asiye na kazi mwenyewe. Namba nne. Pembeni, mahali pa msemaji, ningeandika Bwana Harith.